Sifuri kumi na mbili, kila moja milivolti 59.5

*Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya elektroniki. Kitabu kinasema daiodi ina volti ndani yake hata bila betri. Nimepewa swali: silikoni, 300 K, upande wa P umedopiwa 10¹⁷, upande wa N 10¹⁵. Nimepiga hesabu nikapata 0.31 V, lakini jibu la nyuma ya kitabu ni 0.71 V. Halafu nimechukua daiodi ya 1N4007 nikaipima kwa mita upande wa volti, ikasoma sifuri. Kwenye alama ya daiodi inasoma 0.58. Sasa hiyo volti ya ndani inatoka wapi, na mbona mita haiioni?*

Marahaba. Hesabu yako ina kosa moja tu, na naweza kukuambia ni la kitufe gani: ulibonyeza `log` pale palipotakiwa `ln`. Ningeweza kuishia hapo ukapata maksi zako, ila swali la mita lingebaki limekukaa kooni. Kwa hiyo tuanze chini, kwa namba zako hizo hizo, na kosa litajionyesha lenyewe tukifika mahali pake.

Sentimita moja ya ujazo ya silikoni ina atomi zipatazo 5×10²². Upande wako wa N umetiwa atomi 10¹⁵ za fosforasi katika ujazo huo, yaani fosforasi moja kwa kila atomi milioni 50 za silikoni. Silikoni hushikana na majirani zake kwa elektroni nne. Fosforasi inakuja na tano, na ile ya tano haina wa kushikana naye. Joto la chumba tu linatosha kuing'oa ikazurura. Elektroni inaondoka, lakini atomi ya fosforasi haiondoki. Imeshikwa kwenye fuwele, na sasa ni ioni chanya iliyoganda mahali pake. Upande wa P ni kinyume chake. Boroni inakuja na elektroni tatu, inabaki na nafasi wazi tunayoiita tundu. Elektroni ya jirani ikiingia humo, tundu linahamia kwa jirani, na boroni inabaki kuwa ioni hasi, nayo imeganda.

Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi yote: elektroni na matundu vinatembea, ioni hazitembei. Na kabla pande hazijakutana, kila upande hauna chaji kwa jumla. Wanafunzi wengi huniambia upande wa N ni hasi kwa kuwa una elektroni nyingi. Hapana. Kila elektroni inayozurura humo ina ioni yake chanya inayoisawazisha.

Sasa hesabu ndogo ambayo vitabu vingi huipita haraka mno. Katika silikoni iliyotulia, idadi ya elektroni ukiizidisha kwa idadi ya matundu hupata namba isiyobadilika kwa halijoto ile ile, nayo ni `n_i²`. Kwa 300 K tutachukua `n_i` kuwa 10¹⁰ kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo mzao ni 10²⁰. Upande wako wa P una matundu 10¹⁷. Elektroni zake basi ni 10²⁰ kugawanya kwa 10¹⁷, yaani 1,000 tu katika sentimita nzima ya ujazo. Upande wa N una elektroni 10¹⁵. Ukilinganisha elektroni za pande hizo mbili, N ina mara 10¹² ya zile za P, moja yenye sifuri kumi na mbili. Fanya vivyo hivyo kwa matundu: P ina 10¹⁷, N ina 10⁵, uwiano ni 10¹² tena. Haikutokea kwa bahati, na jibu la swali lako lote limo ndani ya sifuri hizo kumi na mbili.

Fikiria sasa kwamba pande mbili zimegusana. Nasema fikiria kwa sababu hakuna kiwanda kinachobandika vipande viwili vya silikoni. Ukivibana pamoja, nyuso zake zina utando wa oksidi na kasoro nyingi, hutapata daiodi ya maana. Njia ya kawaida ni kuchukua kisahani kizima cha silikoni ya N na kuisukumia boroni kutoka juu katika tanuru lenye joto la nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, mpaka sehemu ya juu igeuke P. Fuwele ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hadithi ya kugusanisha ni ya kutusaidia kuona tu.

Moshi wa udi ukiuwasha pembeni mwa chumba husambaa hadi ujae chumba chote, bila mtu kuusukuma. Elektroni za N nazo zinaanza hivyo: ni nyingi upande mmoja, karibu hakuna upande wa pili, basi zinavuka kuelekea P kwa sababu ya wingi wao tu. Matundu ya P yanavuka kuelekea N. Yakikutana yanafutana, elektroni inaingia ndani ya tundu na vyote viwili vinatoweka kama vibeba chaji. Kama zingekuwa moshi, zingesambaa hadi zilingane pande zote na hadithi ingeisha. Lakini moshi hauachi chaji nyuma yake. Elektroni inayovuka mpaka inaiacha ioni ya fosforasi bila mwenzake. Tundu linalovuka linaiacha ioni ya boroni vivyo hivyo. Karibu na mpaka, upande wa N unabaki na tabaka la chaji chanya iliyoganda, na upande wa P tabaka la chaji hasi iliyoganda. Kati ya matabaka hayo unazaliwa uga wa umeme unaoelekea kutoka N kwenda P.

Uga huo unazirudisha elektroni N na matundu P. Kila elektroni ya ziada inayovuka inauongezea nguvu, na kila unapoongezeka nguvu, kuvuka kunakuwa kugumu zaidi. Mwisho panafikiwa hali ambayo idadi inayovuka kwa sababu ya wingi ni sawa kabisa na idadi inayorudishwa na uga. Kuvuka hakukomi, angalia. Bado elektroni zinapita huku na huku kila wakati. Kilichokuwa sifuri ni jumla yake. Sehemu ile ya mpakani isiyo na vibeba chaji ndiyo ninayoiita ukanda tupu. Jina hili huwapotosha watu wakadhani hamna kitu humo. Umekauka elektroni na matundu, ila umejaa chaji ya ioni, na hapo ndipo palipo na chaji isiyosawazishwa.

Tuandike msawazo huo kwa herufi. Mkondo wa elektroni unaosukumwa na uga, ukijumlisha na mkondo unaotokana na tofauti ya wingi, ni sifuri:

```
q·μ·n·E + q·D·(dn/dx) = 0
```

Hapa `q` ni chaji ya elektroni moja, `n` ni wingi wa elektroni, `E` ni uga, `μ` ni wepesi wa elektroni kusukumwa na uga, na `D` ni wepesi wake wa kusambaa. Vyote viwili hutegemea jinsi elektroni inavyogongana na fuwele, kwa hiyo vina udugu: `D/μ = kT/q`. Uhusiano huu unaitwa kwa jina la Einstein, na `kT/q` ndiyo volti ya joto. Kwa 300 K ni 0.02585 V. Ukipanga upya, na kukumbuka kwamba uga ni mteremko wa volti, unapata kitu chepesi ajabu:

```
dV = (kT/q)·(dn/n)
```

Isome polepole. Inasema kupanda kwa volti hakutegemei elektroni zimeongezeka ngapi, kunategemea zimeongezeka kwa sehemu gani ya zile zilizopo. Kutoka elektroni 1,000 kwenda 10,000 kunahitaji volti ile ile ya kutoka 10¹⁴ kwenda 10¹⁵. Ukijumlisha vipande vyote kuanzia ndani kabisa ya P hadi ndani kabisa ya N:

```
V_bi = (kT/q)·ln(n_N / n_P) = (kT/q)·ln(N_A·N_D / n_i²)
```

`V_bi` ndiyo volti ya ndani, `n_N` na `n_P` ni wingi wa elektroni upande wa N na wa P, `N_D` ni wingi wa fosforasi na `N_A` ni wingi wa boroni. Ile ya mwisho imepatikana kwa kuweka `n_N = N_D` na `n_P = n_i²/N_A`, hesabu tuliyofanya juu. Mimi huipenda ile ya kwanza kuliko ya pili, kwa sababu inasema ukweli waziwazi: volti ya ndani ni bei ya kushikilia tofauti ya wingi. Bei ya kuzidisha mara kumi ni 0.02585 × 2.3026, yaani milivolti 59.5. Kila sifuri moja ya uwiano, milivolti 59.5. Wewe una sifuri kumi na mbili:

```
12 × 0.0595 V = 0.714 V
```

Hiyo ndiyo 0.71 ya kitabu, bila hata kugusa kikokotoo. Sasa kosa lako liko wazi. Kitufe cha `log` kilikupa 12, nawe ukazidisha 12 kwa 0.02585 ukapata 0.31. Ulihesabu sifuri vizuri ukazilipia bei ya chini. Kitufe cha `ln` kingekupa 27.63, na 27.63 × 0.02585 ni 0.714.

Kinachonichekesha ni kwamba 0.31 V si jibu la kipuuzi, ndiyo maana halikukushtua. Gerimani yenye kudopiwa hivyo hivyo ina `n_i` ya takribani 2.4×10¹³, na ukiipiga kwa `ln` inatoa 0.31 V. Umepata jibu sahihi la semikondakta nyingine.

Makosa mengine hujitangaza yenyewe ukijua pa kutazama. Mtu akiweka halijoto kuwa 27 badala ya 300 atapata 0.064 V, ndogo mno. Akiweka viwango vya kudopu kwa mita ya ujazo, 10²³ na 10²¹, huku `n_i` akiiacha kwa sentimita ya ujazo, atapata 1.43 V. Hiyo haiwezekani kwa silikoni iliyodopiwa kiasi hiki, kwa sababu pengo la nishati la silikoni ni elektronivolti 1.12 na volti ya ndani inakaa chini ya pengo hilo. Jibu lako likivuka 1.12, usiendelee, rudi ukatazame vipimo. Na ukikuta mwenzako amepata 0.693 V kwa swali hili hili, msigombane. Kitabu chake kinatumia `n_i` ya 1.5×10¹⁰, namba iliyokaa vitabuni miaka mingi. Vipimo vya baadaye vimeishusha hadi karibu na 1.0×10¹⁰. Tofauti yake ni milivolti 21 tu.

Kuna mtego mmoja zaidi, wa halijoto. Fomula ina `T` mbele, kwa hiyo wengi hudhani daiodi ikipata moto volti ya ndani inapanda. Inashuka. Kwa 400 K, `kT/q` imepanda hadi 0.0345 V, lakini `n_i` imeruka hadi kama 5×10¹². Upande wa P sasa una elektroni 2.5×10⁸ badala ya 1,000. Uwiano umebaki 4×10⁶, sifuri sita na kitu. Bei ya kila sifuri imepanda kidogo, sifuri zenyewe zimepungua karibu nusu, na jibu ni 0.52 V.

Upana wa ukanda tupu unafuata kutoka hapo. Chaji ya pande mbili lazima ilingane, kwa hiyo upande uliodopiwa kidogo unalazimika kukauka mbali zaidi ili kupata ioni za kutosha. Fomula yake, kwa makutano yenye mpaka mkali, ni hii:

```
W = sqrt( (2·ε·V_bi/q)·(1/N_A + 1/N_D) )
```

Kwa silikoni `ε` ni 11.7 × 8.854×10⁻¹⁴, yaani 1.036×10⁻¹² faradi kwa sentimita. Weka namba zako upate 9.66×10⁻⁵ sm, yaani maikromita 0.97. Kati ya hizo, maikromita 0.956 ziko upande wa N na nanomita 9.6 tu ziko upande wa P, kwa sababu P imedopiwa mara 100 zaidi. Uga wenye nguvu kuliko wote uko mpakani penyewe, na ni `2·V_bi/W`, kama volti 15,000 kwa sentimita. Kumbe hiyo 0.71 V iliyoonekana ndogo imebanwa kwenye nafasi isiyofika maikromita moja.

Na imegharimu elektroni ngapi? Chukua kipande cha milimita moja ya mraba. Ioni zilizobaki wazi upande wa N ni 10¹⁵ × 9.56×10⁻⁵ × 0.01, karibu milioni 960. Kama upande huo una unene wa milimita 0.2, ulikuwa na elektroni 2×10¹¹. Haifiki nusu ya asilimia moja iliyoondoka. Ndiyo maana nje ya ukanda tunaruhusiwa kusema N imebaki kama ilivyokuwa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya ngazi yako hulinyamazia. Upande wa P katika picha hii unabeba sehemu 1 kati ya 101 ya volti, milivolti 7 hivi. Hiyo ni chini ya volti ya joto yenyewe. Kwa mteremko wa milivolti 7, matundu yanapungua kwa robo tu, hayajaisha. Kwa maneno mengine, zile nanomita 9.6 za upande wa P si tupu hata kidogo. Picha ya ukanda wenye kingo kali inakufa pale. Upande wa N nako kingo zake zimefifia kwa umbali wa maikromita 0.13 au zaidi. Usiziamini sana namba za upana hadi tarakimu ya tatu. Ila 0.714 V haitikisiki kwa hilo, kwa sababu tulipojumlisha tulitazama ncha mbili tu, ndani ya P na ndani ya N. Kilichotokea katikati, mpaka uwe mkali au wa taratibu, hakikuingia kwenye hesabu.

Fomula hiyo ya volti inachoka mahali pengine. Upande wowote ukidopiwa hadi 10¹⁹ na kuendelea, elektroni zinaanza kugombea nafasi na kanuni ya `n·p = n_i²` tuliyoitumia haishiki tena. Na kama boroni imesukumwa ndani ya silikoni iliyokwishakuwa na fosforasi, `N_A` ya kuweka ni boroni baada ya kutoa fosforasi. Kwa namba zako tofauti ni asilimia moja, haina neno.

Sasa mita yako. Tuseme ingesoma 0.714 V. Ungeunganisha rezista kwenye miguu ya daiodi, mkondo ungepita, rezista ingepata joto, na hilo lingeendelea milele kutoka kwenye kipande kilichokaa mezani kwa halijoto ya chumba, bila betri wala mwanga. Kanuni za joto hazikubali hilo, hivyo hata kabla ya kufungua kitabu tunajua mita lazima isome sifuri. Namna inavyotokea ni hii: kuna mipaka mingine kwenye mzunguko huo. Chuma kinapoigusa silikoni ya P kuna tofauti ya wingi wa elektroni na kuna volti yake ya mguso. Chuma kinapoigusa silikoni ya N kuna nyingine. Ukizunguka kuanzia waya mmoja wa mita, ukapita mguso wa kwanza, ukapanda 0.714 kwenye makutano, ukapita mguso wa pili hadi waya wa pili, jumla ni sifuri kamili. Miguso miwili imeila yote.

Ukitaka kulieleza kwa undani zaidi, mita haipimi volti ya uga. Inapima kama elektroni za waya mmoja zina hamu zaidi ya kuondoka kuliko za waya wa pili. Ndani ya daiodi iliyotulia, uga unazivuta elektroni kwenda N, wingi unazisukuma kwenda P, na vitu hivyo viwili vimesawazishana kila mahali. Hamu ni ile ile kote. Wataalamu huchora hilo kama kiwango cha Fermi kilicholala mstari mmoja ulionyooka toka P hadi N, huku mikanda ya nishati ikipinda kwa elektronivolti 0.714.

Ile 0.58 ni kitu kingine kabisa. Ukiweka mita kwenye alama ya daiodi, yenyewe inasukuma mkondo mdogo, mara nyingi kama miliampea moja, na kusoma volti iliyohitajika kuupitisha. Mita inayosukuma mkondo zaidi ingesoma zaidi kwenye daiodi ile ile. Kwamba namba hizi mbili zinakaribiana na ile 0.7 maarufu ya darasani kumewafanya wengi waamini ni kitu kimoja. Tena 1N4007 yako imetengenezwa kuzuia volti 1000 kinyume, na upande wenye 10¹⁵ usingezistahimili. Wake lazima umedopiwa chini ya hapo. Hesabu ya kitabu si hesabu ya daiodi iliyo mkononi mwako.

Kama mita haiwezi, maabara hupima vipi? Kwa njia ya mzunguko, kupitia kapasitansi. Ukanda tupu ni kama kapasita: pande mbili zinazopitisha umeme, katikati nafasi isiyopitisha. Kwa kipande chetu cha milimita moja ya mraba, `ε/W` inatoa pikofaradi 107. Ukiweka volti 5 za kinyume, ukanda unapanuka na kapasitansi inashuka hadi 37.9. Kwa kuwa `W²` inaongezeka sawia na `V_bi + V`, basi `1/C²` ukiichora dhidi ya volti inatoa mstari ulionyooka, na mstari huo ukiurefusha hadi `1/C²` iwe sifuri, unakata mhimili kwenye `−V_bi`. Kwa nukta hizo mbili:

```
(107/37.9)² = 7.97
V_bi = 5 / (7.97 − 1) = 0.717 V
```

Imerudi, tukiacha kukadiria kwa tarakimu. Kwa kipimo halisi, kule kufifia kwa kingo kunafanya mstari ukate mapema kwa `2kT/q`, milivolti 50 hivi, na mpimaji huzirudishia. Adui mkubwa zaidi ni kasha na nyaya. Tuseme kasha lina pikofaradi 2 za kwake na hukuzitoa. Utasoma 109 na 39.9, na hesabu hiyo hiyo itakupa 0.77 V. Pikofaradi 2 tu zimeharibu milivolti 57. Dalili yake ni kwamba mstari, ukiweka nukta nyingi, unaanza kujipinda kuelekea chini kwenye volti kubwa za kinyume, pale ambapo kapasitansi ya daiodi imekuwa ndogo na ya kasha inaonekana. Ukiona mpindo huo, toa kapasitansi ya kasha kwanza ndipo urefushe mstari.

Huna mashine hiyo nyumbani, najua. Lakini mita yako inaweza kukuonyesha kwamba uga ule upo, ukivunja utulivu wa daiodi kwa mwanga. Mwaka 1940 Russell Ohl wa Maabara za Bell, Marekani, alikuwa na kipande cha silikoni chenye ufa. Alipokimulika taa kikatoa karibu nusu volti, kumbe ndani yake upande mmoja ulikuwa P na mwingine N. Mwanga huzaa elektroni na matundu mapya, na uga wa makutano unavitenganisha, hiki huku, kile kule. Volti inayosomeka hapo si `V_bi`, ni ndogo kuliko yenyewe, lakini isingekuwapo kama uga usingekuwapo. Chukua LED nyekundu yenye kioo angavu, iunganishe na mita yako ya dijitali upande wa volti, uielekeze kwenye jua la saa sita mchana. Itapanda hadi volti moja na zaidi. Ifunike kwa kiganja, itashuka. Rudia kwa daiodi ndogo ya kioo kama 1N4148 uone itakavyosoma kidogo. Kisha rudi kwenye 1N4007 hapo hapo juani. Itabaki sifuri, kwa sababu silikoni yake wameizika ndani ya plastiki nyeusi.